Ngoja Krismasi Ipite

Kule kiwandani, wanawake wa meza ya kuchambua kahawa walikuwa na kawaida ya kusema, "Mpelekee Ma Gaudi." Aliyefokewa na msimamizi, aliyenyimwa likizo, aliyepewa zamu mbili mfululizo, wote walipelekwa kwa Gaudiosa. Alikuwa mnene wa wastani, sauti nene, kilemba hakikai sawa, na kwa miaka minane walikuwa wamemchagua kuwa mwakilishi wao wa tawi la chama cha wafanyakazi. Alikuwa na kipawa cha kusema na mkubwa bila kumtukana, na kipawa hicho, Mungu amsamehe, ndicho kilichomponza.

Kiwanda kilikuwa nje kidogo ya mji wa Bukoba, cha kukoboa na kupanga kahawa kwa madaraja. Gaudiosa aliufahamu utaratibu wa malalamiko wa pale kama anavyoufahamu wimbo wa Utukufu kwa Mungu wa Jumapili. Chama na mwajiri walikuwa wameukubali kwa maandishi. Kwanza unamwona msimamizi wako, hata kwa mdomo. Asipolimaliza, unaandika kwa meneja, naye ana siku saba za kazi za kujibu. Asipojibu au jibu lisipokuridhisha, unapanda kwa mkurugenzi Mwanza. Ikishindikana kote huko, mnakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Na kuna jambo moja ambalo Gaudiosa mwenyewe alikuwa akiwafundisha wenzake huku akigonga meza: kimya cha meneja nacho ni jibu. Siku zikiisha hajasema kitu, usikae kumtazama mdomo, panda ngazi.

"Na siku sitini za Tume zinaanza kuhesabiwa toka jambo lilipotokea," alikuwa akiongeza. "Si toka mkubwa alipopata nafasi ya kujibu."

Aliwafundisha vizuri sana. Wengine walikuwa wakimcheka kwamba hata akiwa jikoni anahesabu siku za ndizi kuiva kwa kanuni za Tume.

Kokuberwa alirudi kazini kutoka likizo ya uzazi mwishoni mwa Septemba. Mtoto wake, Elieth, alikuwa na miezi mitatu hivi, mnene, mwenye mashavu yanayomfanya kila mtu anyooshe mkono. Alikuwa amepanga chumba mtaa wa Bilele, na dada mmoja wa jirani alimlelea mtoto mchana. Mumewe alikuwa machimboni Geita, anarudi anapoweza. Kokuberwa akaomba haki yake ya kwenda kunyonyesha saa za kazi. Sheria inampa mama hadi saa mbili kwa siku, na Bilele si mbali. Msimamizi, Karugendo, alikubali juma la kwanza. Juma la tatu akaanza kununa. Novemba ilipoingia, Jumatatu iliyofuata sikukuu ya marehemu wote, Kokuberwa alikuta barua ya uhamisho: aende kituo cha kupokea kahawa Muleba, mbali na mji, njia ya kwenda Rubya.

Kila mtu alijua maana yake. Msimu ulikuwa umekwisha, kituo kile kilikuwa na mlinzi, mizani, na paka. Hakikuhitaji mchambuaji hata nusu.

"Umemwona Karugendo?" Gaudiosa alimuuliza.

"Nimemwona, Ma Gaudi. Anasema imetoka juu."

"Basi hatua ya kwanza imekwisha. Tunaandika kwa meneja leo hii."

Waliandika pale pale, nyuma ya ghala, Kokuberwa akitia sahihi huku kifua chake kimelowa kwa maziwa. Hakuwa na la kufanya juu ya mtoto. Muleba hakuwa na ndugu, na dada wa Bilele asingehama. Akampeleka Elieth kwa mama yake, kijijini Kaagya, kwenye kibanja cha migomba na kahawa, akisema ni kwa majuma machache tu, maana Ma Gaudi anashughulikia.

Na hapo ndipo tunapofika kwa Mzee Ishengoma.

Mzee Ishengoma, meneja wa kiwanda, alikuwa baba mdogo wa mume wa Gaudiosa. Yeye ndiye aliyesimama upande wa mume siku Gaudiosa anatolewa mahari, yeye ndiye aliyempokea getini. Gaudiosa alimwita Tata, yaani baba. Akimsalimia nyumbani alipiga magoti, kama mwanamke wa Kihaya aliyelelewa anavyopaswa, na kiwandani walikuwa wamejizoesha mtindo wao wenyewe: anainama kidogo mlangoni, mzee anaitikia kwa kichwa, kazi inaendelea. Mambo madogo walikuwa wameyamaliza hivyo kwa miaka. Lakini hili halikuwa dogo. Hili lilikuwa linasema kwamba mzee amemwadhibu mama kwa kunyonyesha.

Barua ya malalamiko mahali pake ni kwa katibu muhtasi, inapokelewa, nakala inagongwa muhuri wa tarehe, unaondoka nayo. Gaudiosa aliifikisha hadi mlango wa ofisi, akasimama, akageuka. Aliona mzee atajisikia ameshitakiwa mbele ya vijana wa ofisi na mkwe wake. Bora nimpelekee nyumbani, aliwaza, tulizungumze kifamilia, liishe bila kelele. Ni wazo la mtu mwenye adabu, na hakuna mzazi Buhaya ambaye angemkosoa.

Msimu wa senene, panzi wa kuliwa, ulikuwa umeshika. Jumapili baada ya misa alikaanga senene kwa kitunguu na chumvi, akawajaza kwenye kikapu chenye mfuniko, na barua ya Kokuberwa akaikunja akaiweka chini kabisa ndani ya kikapu, juu ya jani la mgomba. Mtu haendi kwa mkubwa mikono mitupu. Alipofika alipiga magoti, akasalimia, akanyanyua kikapu kwa mikono miwili.

"Tata, nimekuletea senene. Na ndani kuna neno la wale wanawake wa meza."

Mzee alicheka, akafungua, akaonja. Aliwasifu senene. Akaitoa barua, imeshika mafuta pembeni, akaisoma nusu, akaiweka chini ya kitambaa cha meza.

"Waitu, mwanangu," alisema, kwa Kihaya cha upole. "Hili nimelisikia. Ngoja Krismasi ipite."

Ngoja. Kwa mzee wa makamo yake, neno hilo ni zito. Mkubwa akikwambia ngoja, ana maana analitia jambo moyoni, na kumkumbusha kabla ya wakati ni kumwambia hana akili. Gaudiosa alitoka pale amefurahi kabisa. Alimpigia Kokuberwa simu Muleba, akamwambia mzee amelipokea vizuri.

Siku saba za kazi ziliisha. Gaudiosa alijua zimeisha. Si mtu wa kudanganywa na kalenda. Asubuhi ile alikaa mezani akichambua kahawa mbovu na nzima, na akaona mikono yake inakwenda yenyewe. Yale maneno aliyowafundisha wenzake yalikuwa yanamrudia kwa sauti yake mwenyewe, panda ngazi, na yeye akayajibu: huyu hajanyamaza, amesema ngoja. Kuandika Mwanza juu ya kichwa cha mzee kungekuwa kumchongea. Akaacha.

Hiyo ilikuwa sababu moja, na ni ile aliyoweza kuisema mbele ya watu. Kulikuwa na nyingine. Kijana wake, Alexander, alikuwa amemaliza chuo cha udereva Juni na alikuwa anakaa nyumbani akipiga miayo. Wiki ile ile ya senene, Mzee Ishengoma alimwita akampa gari dogo la kiwanda la kupeleka sampuli, kibarua cha muda, tutaona baadaye. Hakusema hiki ni kwa ajili ya kile. Wazee hawasemi. Gaudiosa naye hakuuliza, na kila alipomwona Alexander anapita getini na shati jeupe, alijikuta hawezi kuikumbuka vizuri ile barua.

Desemba ilijaa Wahaya. Magari yalishuka kutoka Dar na Mwanza, kila kibanja kikawa na watoto wanaosema Kiswahili cha haraka wakiogopa ng'ombe. Gaudiosa alipika, akapokea wageni, akaimba kwaya. Jumamosi moja alialikwa send-off, sherehe ya kumuaga binti fulani anayeolewa, huko Kaagya, na njia ya kwenda kule inapita nyumbani kwa mama yake Kokuberwa. Angeweza kuzunguka. Alitaka kuzunguka, lakini bibi yake Elieth alikwishamwona.

Kokuberwa mwenyewe alikuwa amekuja, mapumziko ya Jumamosi. Alikuwa amekaa uani, Elieth mapajani, anamnyonyesha. Mtoto alinyonya kidogo akaachia akalia, akarudishwa, akalia tena. Bibi akatoka jikoni na kikombe cha uji wa maziwa ya ng'ombe, na mtoto akakigeukia kikombe kwa mikono yote miwili.

"Amekizoea," Kokuberwa alisema, kama mtu anayemwombea mwanawe radhi. Kisha, kwa Kihaya na Kiswahili vikichanganyika, akaeleza mambo ya kule Muleba. "Mwanzoni maziwa yalikuwa yananijaa mchana mpaka homa. Nilikuwa nakwenda nyuma ya kituo nayakamua, nayamwaga pale kwenye mgomba wa mlinzi. Mlinzi akacheka akasema ndizi za mwaka huu zitakuwa tamu. Sasa hayaji sana."

Alimpangusa mtoto uji kidevuni.

"Ma Gaudi, lile jambo liko wapi?"

"Liko kwa mzee," alisema Gaudiosa. "Krismasi ikipita."

Kokuberwa aliitikia kwa kichwa, akaamini. Hilo ndilo alilokwenda nalo Gaudiosa njia nzima. Angelaumiwa, angekuwa na la kujibu. Kule kwenye send-off walimpa kipande kizuri cha nyama, akampa mtu mwingine.

Krismasi ilipita. Mwaka mpya ukaingia, na siku ya sitini toka barua ya uhamisho ilipita pia, wiki ile ya kwanza ya Januari, watu wakiwa bado wamekaa na mabaki ya pilau na pombe ya rubisi. Hakuna kengele iliyopigwa. Gaudiosa alishinda akisafisha masufuria ya shughuli.

Wageni walipoondoka ndipo alipojipa moyo, akaenda ofisini, si nyumbani. Aliinama mlangoni.

"Tata, lile neno la Kokuberwa."

Mzee Ishengoma aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake. "Neno lipi?"

"La Muleba. Ulisema Krismasi ipite."

"Aa, mwanangu. Yule kapangiwa kazi kule na uongozi, na kazi ni kazi. Kama ana malalamiko, si alete malalamiko?"

Gaudiosa alihesabu alicho nacho. Hakuna muhuri, hakuna nakala, hakuna katibu muhtasi aliyeipokea. Kulikuwa na kitambaa cha meza, na mafuta ya senene.

"Nilikuletea," alisema polepole.

"Uliniletea senene," mzee alisema, na akatabasamu kwa upole wa kweli, kama mtu anayekumbuka kitu kitamu. "Nao walikuwa wazuri."

Gaudiosa alitoka nje, akakaa kwenye gogo nyuma ya ghala, na hakuchambua kahawa asubuhi ile. Alikuwa na hasira na mzee, ndiyo, lakini hasira ile ilikuwa inateleza, haikai mahali. Kila alipoigusa ilimgeukia mwenyewe. Mzee alifanya ambalo mameneja hufanya. Yeye ndiye aliyejua kanuni zote na kuziweka chini ya kikapu.

Jioni alimpigia Mwijage, katibu wa chama wa mkoa, mtu mkavu asiyependa hadithi ndefu.

"Alihamishwa lini?" Mwijage aliuliza kwanza.

Gaudiosa akamtajia tarehe. Mwijage akazihesabu siku.

"Gaudiosa. Wewe?"

"Mimi."

"Meneja asipojibu unafanyaje? Nifundishe kama unavyowafundisha wao."

"Ninapanda kwa mkurugenzi. Na hata nikiwa ngazini, siku za Tume zinakwenda, nisingoje ziishe."

"Basi ungefungua shauri Tume mapema hata mkurugenzi hajajibu, ukaendelea na mazungumzo huko ndani," alisema Mwijage. "Kesi ya kuachishwa kazi ni siku thelathini tu, hii mlikuwa na sitini. Sasa zimepita. Umebaki mlango mmoja. Kokuberwa ajaze fomu ya mgogoro na kuomba kuongezewa muda. Atoe kiapo. Na wewe utoe chako."

"Mimi niseme nini?"

"Kwa nini mmechelewa. Tena si kwa jumla. Kila siku ya kuchelewa inataka maelezo yake. Nakwambia mapema, uzembe wa mwakilishi si sababu ya kupendwa. Lakini uongo ni mbaya zaidi, maana wataupinga na utaanguka nao."

Usiku wa kuamkia siku aliyokwenda kwa wakili kuapa hakulala, lakini hilo si ajabu, na hakuna haja ya kulieleza. Ajabu ni kile alichokiandika asubuhi. Wakili alimtayarishia maneno mazuri: kwamba alisubiri kwa nia njema majibu ya mwajiri. Gaudiosa aliyasoma, akasema yaongezwe mengine. Kwamba meneja ni baba mdogo wa mume wake. Kwamba aliyapeleka malalamiko nyumbani, si ofisini, kwa kuona aibu. Kwamba kijana wake alipewa kibarua katika wiki hiyo hiyo, na kwamba hilo lilimfunga mdomo.

"Mama, hili la mwisho si la lazima," wakili alisema.

"Kokuberwa alinidhania nangojea kwa heshima," Gaudiosa alisema. "Wacha lisomeke yote."

Nakala ilipopelekwa kiwandani, kwa kitabu cha kupokelea safari hii, na katibu muhtasi akasaini, Alexander alisimamishwa kibarua kesho yake. Hakumlaumu mama yake. Alirudi kupiga miayo, na Gaudiosa aliona afadhali.

Kokuberwa alisoma kiapo kile siku walipokutana nje ya ofisi ya Tume mjini, wamekaa kwenye benchi wakisubiri kuitwa. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Alipofika kwa Alexander kidole kilisimama. Gaudiosa alingojea aseme kitu, tusi hata moja, lingemsaidia. Kokuberwa alikunja karatasi akaiweka kwenye mkoba.

"Sikujua kuhusu Alexander," alisema tu.

Ndani, mwajiri alikuwa amepinga. Mzee Ishengoma alikuwa ameapa kiapo chake mwenyewe, kirefu, kwa sababu ni mtu anayependa jina lake libaki safi, na kilisomwa pale. Alisema hakuna malalamiko yoyote yaliyowahi kufika ofisini kwake. Hilo lilikuwa kweli. Lakini hakuishia hapo, kwa kuwa hakutaka mtu yeyote Bukoba aseme Ishengoma anadanganya juu ya mkwe wake. Aliendelea kueleza kwamba Gaudiosa alimtembelea nyumbani na senene, akamtajia suala la Kokuberwa kifamilia, naye kama mzazi akamwambia asubiri Krismasi ipite.

Msuluhishi, mwanamama wa miwani, alirudia mstari ule.

"Mzee, ulimwambia angoje?"

"Kifamilia," mzee alisema.

"Krismasi ni baada ya siku ngapi toka uhamisho?"

Mzee alianza kuhesabu kwa vidole. Wakili wa kampuni alimtazama kwa jicho la mtu aliyemwona mteja wake akijifunga kamba miguuni.

"Lakini kulikuwa na siku kumi hivi za mwisho kabla ya kikomo," msuluhishi akamgeukia Gaudiosa. "Krismasi imekwishapita. Na baada ya kikomo, nyingine tena. Hizo?"

Gaudiosa alisimama. Alikuwa amejizoesha maneno lakini yalimwacha.

"Hizo ni zangu," alisema. "Nilikuwa na wageni. Nilikuwa na kwaya. Na nilikuwa na kijana kazini kwa mzee. Mama yule amekaa Muleba akimwaga maziwa, mimi nasafisha masufuria. Kosa la siku hizo asilibebe yeye, nalibeba mimi."

Haikuwa hoja ya sheria. Mwijage alimwambia hivyo baadaye. Lakini uamuzi ulipotoka, ombi lilikubaliwa: kwamba meneja mwenyewe alimtuliza mwakilishi kwa kumwambia angoje, kwamba mfanyakazi hakuzembea, alikuwa ameshatoa malalamiko yake mapema, na kwamba madai yenyewe ya kuhamishwa kwa sababu ya kunyonyesha yalistahili kusikilizwa. Ucheleweshaji wa mwakilishi ulitajwa kwa sentensi moja tu. Gaudiosa aliisoma sentensi ile mara nyingi kuliko uamuzi wote.

Usuluhishi wenyewe ulikwenda haraka. Kampuni haikutaka habari ya maziwa na mgomba ifike mbali. Makubaliano yakasainiwa: Kokuberwa arudi meza yake Bukoba, na apate saa mbili kwa siku za kunyonyesha, kwa maandishi, bila kununiwa na mtu. Ilikuwa baada ya Pasaka. Wanawake wa meza walipiga vigelegele, wakamzunguka Gaudiosa, Ma Gaudi, Ma Gaudi, na yeye alikuwa anajitoa mikononi mwao kama mtu anayetafuta mlango.

Siku ya kwanza saa nne ilipogonga, Karugendo mwenyewe alikuja mezani, kwa sauti ya adabu mpya: "Kokuberwa, muda wako wa kunyonyesha."

Kokuberwa alinyanyuka, akafuta mikono kwenye kanga, akatoka. Gaudiosa alimwona kupitia dirishani. Hakwenda njia ya Bilele. Alikwenda akakaa kwenye kizingiti cha ghala, kwenye kivuli, mikono imelala mapajani.

Elieth alikuwa bado Kaagya. Alikuwa na miezi tisa inakwenda kumi, anatambaa, anamwita bibi yake mama. Jumapili iliyopita Kokuberwa alikuwa amemfungulia kifua, na mtoto akamtazama, akacheka kama ni mchezo, akageuza uso kutafuta kikombe.

Saa ilikwenda. Gaudiosa hakuweza kuchambua tena. Alitoka, akakaribia kizingiti, akasimama hatua chache nyuma. Alitaka kupiga magoti, kama alivyompigia mzee. Alikuwa ameanza hata kuinama.

"Simama, Ma Gaudi," alisema Kokuberwa bila kugeuka. "Watu watatuona."

Gaudiosa akasimama.

"Shamsa wa meza yetu anajifungua mwezi ujao," Kokuberwa alisema. "Akirudi ataomba saa zake, nao watamsumbua. Karatasi yake iende ofisini siku hiyo hiyo. Igongwe muhuri."

"Nitaipeleka mwenyewe."

"Na wasipojibu?"

"Nitapanda."

"Na mzee akikwambia ngoja?"

Jibu lilikuwa pale pale mbele ya Gaudiosa, limekaa kwenye kizingiti na mikono mitupu. Kokuberwa naye hakulingojea. Alisogea kidogo upande wa ukuta, lakini si kumpa nafasi ya kukaa, ni jua lililokuwa limemfikia.

"Rudi kazini, Ma Gaudi," alisema. "Hii saa ni yangu, nataka niimalize."